Kamusi ya Kipaimara

Mdogo wangu Gwamaka ana tabia moja mbaya: akishasema jambo mbele za watu, halirudi mdomoni. Hata akigundua amekosea, atalibeba kosa lake hivyo hivyo, shingo juu. Kwa hiyo aliposema, pale uani kwake Makwale, kwamba Jumatatu shule zikifunguliwa binti yake Kisa harudi kidato cha pili, anapanda basi la Tunduma kwenda kuuza dukani kwa binamu yetu, nilijua limekwisha. Majirani wawili walikuwa wamekaa wanapembua kakao, na wote walisikia.

"Mtoto hana kichwa cha shule," alisema. "Nimefanya yote. Kamusi nilimnunulia, ya Kiingereza kwa Kiswahili, nene kama tofali. Biolojia kapata F. Nifanye nini tena, dada? Nimfungulie kichwa nimwagie?"

Kisa alikuwa jikoni na mama yake, Lucy, na najua alisikia kila neno, kwa sababu sufuria ziliacha kulia.

"Na msisahau ya kanisani," Gwamaka akaongeza.

Tungesahauje? Alikuwa anatukumbusha kila mwezi. Siku Kisa alipopata kipaimara, akiwa ndiyo kwanza anaingia kidato cha kwanza, kila mzazi alileta zawadi mbele ya madhabahu. Kwetu zawadi ya kipaimara haifunguliwi nyumbani. Inaombewa kwanza, halafu inafunguliwa mbele ya kanisa zima. Wengine walileta vitenge na mabegi. Gwamaka alileta kamusi, bado imo ndani ya nailoni yake, na kanisa likapiga vigelegele. Mchungaji akachana nailoni, akamwambia Kisa, "Tutafutie neno moja, binti. Watoto, watiini wazazi wenu. Kiingereza cha kutii ni 'obey'. Hebu tafuta tuone." Kisa akafunua. Akafunua mbele, akafunua nyuma, akafunua tena. Kanisa likaanza kukohoa. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Nimesahau namna ya kutafuta, mchungaji." Watu wakacheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Gwamaka alisimama pale na suti yake ya kuazima, uso umemshuka, na nadhani tangu siku ile alishamhukumu yule mtoto.

Mimi sikukubali na sikubali hata leo. Kisa alikuwa wa kwanza darasa la saba. Ndiye anayenisomea karatasi za dawa za mpunga na hakosei. Nilikwenda mwenyewe kwa Mwalimu Gelasius, anayemfundisha Biolojia, nikamuuliza bila kuzunguka: mtoto mjinga au si mjinga? Akaniambia, "Mama, si mjinga. Kuna maneno yanampita tu, na hayaulizi. Tazameni kamusi yake. Kamusi hazilingani. Chukua kitabu chake cha Biolojia, fungua ukurasa, tafuta maneno yale yale kwenye kila kamusi. Angalia na toleo, angalia na chapa."

Basi nikamwambia Gwamaka, mbele ya wale wale majirani, "Nikipata kamusi inayoipiku yako?"

"Hakuna."

"Nimekuuliza nikiipata."

Akacheka. "Ukiipata arudi shule. Ila nakuja na yangu, tuzilinganishe wazi wazi. Usipoipata, Tusajigwe, jina la shule nisilisikie tena kwako."

"Mmesikia," nikawaambia majirani. Nilifurahi, maana na hilo sasa lisingerudi mdomoni.

Jumamosi asubuhi tulishuka Kyela mjini watatu. Gwamaka alikuwa na kamusi yake kwenye mfuko, kaivalisha jalada la gazeti kama daftari la mwanafunzi. Kisa alibeba kitabu cha Biolojia. Njia nzima alikikumbatia kifuani, akitazama pembeni.

Duka la vitabu ni la Dorothea, mwanamke wa Bukoba aliyemfuata mumewe alipohamishiwa kazi huku mpakani. Miaka yote hii amejifunza neno moja tu la Kinyakyusa, la salamu, na analitumia kwa wote.

"Ugonile, mama!"

"Ndaga," nikajibu. "Nataka kamusi ya mtoto wa sekondari. Nzuri. Na leo sina mzaha."

Akaniletea moja haraka haraka. Nikasoma jalada: Kiswahili kwa Kiingereza.

"Hii rudisha," nikasema. "Huyu anakutana na Kiingereza asichokijua kwenye kitabu. Anataka kutoka kule kuja huku."

"Sawa, sawa." Akaweka mbili mezani, zimefungwa nailoni. Ndogo ya mfukoni na moja kubwa ya jalada gumu jekundu; ya tatu aliiacha nyuma yake kwenye rafu akisema hiyo ni ya bei ya juu, tuanze na hizi.

Nikaanza kuichana nailoni ya ile ndogo. Weee! Alinikamata mkono.

"Mama, ukichana umenunua!"

"Ninunue kitu sijakiona ndani? Kwani hii ni karanga?"

"Ndiyo utaratibu. Wakishafungua wanachafua, halafu wanaondoka."

"Kwangu mchele unauonja, unautafuna, unautema, ndipo unanunua. Wewe umekuja kununua kwangu mara ngapi? Nimewahi kukufungia gunia?"

Gwamaka alikuwa ameegemea mlango anatabasamu. Alikuwa anafurahia. Dorothea alinitazama, akamtazama Kisa aliyekuwa ameinamia viatu vyake, akavuta pumzi. "Hizi mbili nina nakala za kuonyesha," akasema, akazitoa chini ya meza. Sasa si angesema mapema!

Nikamwambia Kisa afungue Biolojia sura ya seli. "Tafuta 'cell'."

Akaipata upesi kwenye ile ndogo, hata sekunde haikupita, nikamtazama Gwamaka kama anaona. Kisa akasoma: "Chumba cha gereza." Basi. Neno moja, maana moja, hakuna mfano, hakuna hata kuonyesha kama ni nomino au kitenzi.

"Kwa hiyo mmea una magereza," nikasema. Dorothea akacheka, mimi sikucheka. Herufi zake zilikuwa ndogo kama siafu na karatasi ilikuwa nyepesi mno, maneno ya ukurasa wa nyuma yanaonekana mbele. Mtoto anayesoma kwa taa ya sola angeharibu macho kabla ya Novemba, mwezi wa mtihani. Nikaisukuma pembeni.

Ile nyekundu ilinivutia. Karatasi nzito, wino mweusi, kurasa zimeshonwa kwa uzi, ukiifungua inalala yenyewe mezani. Nikataka kusema ndiyo hii. Lakini Dorothea, na nampa haki yake, akanifunulia nyuma ya ukurasa wa kwanza, pale wanapoandika mwaka. "Imechapwa upya majuzi, ila toleo ni lile lile la zamani. Hawajaongeza kitu." Kisa akatafuta "cell": chumba cha mfungwa, chumba cha mtawa, tundu la sega la nyuki. Seli ya mwili haimo. Akatafuta "computer": mtu anayekokotoa hesabu. "Virus" haimo kabisa. Nzuri ya kusoma barua za mababu.

"Mbili zimekwenda," Gwamaka akasema kutoka mlangoni. Alitoa kamusi yake kwenye mfuko, akaipigapiga mgongo.

Nikaisukuma na hiyo pembeni. "Lete ile ya rafuni," nikamwambia Dorothea.

"Hiyo sina ya kuonyesha. Nakala ni moja."

"Ifungue. Ikiwa nzuri naichukua, ikiwa mbaya nagombana na wewe hapa mpaka ufunge duka."

Akaniangalia kama anapima kama ninaweza. Ninaweza. Akaiteremsha, akaichana.

Jalada hilo nilishaliona kanisani. Bluu na mstari wa njano, toleo la tatu. Gwamaka alisogea, akaitazama, halafu polepole, kwa raha zake zote, akavua lile jalada la gazeti kwenye kamusi yake. Bluu. Mstari wa njano. Toleo la tatu.

"Ndiyo hii hii!" akapiga makofi. "Dada! Nzuri kuliko zote dukani, na mimi nilishamnunulia zamani! Umenisaidia kuthibitisha. Asante sana. Ndaga fijo."

Nililitazama jina la kitabu mara mbili. Ni lile lile. Kwa hiyo mtoto alikuwa na kamusi bora tangu kidato cha kwanza, na mimi niliyejifanya wakili wake ndiye nimemfungia begi la Tunduma. Nilitamani kulia, nikajizuia kwa hasira tu.

"Kisa," Gwamaka akasema, "chukua kitabu chako twende. Mama yako aanze kukufulia nguo."

"Ngoja," nikasema.

"Ngoja nini tena?"

"Tulisema tunazilinganisha. Hatujazilinganisha. Tumelinganisha majalada."

"Shangazi, tuache." Ni Kisa huyo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi aliongea bila kuulizwa. "Tuache tu. Nitakwenda Tunduma."

"Nyamaza wewe! Nani kakwambia utaamua?" Nilimfokea, ndiyo, nilimfokea. Nikavuta Biolojia, nikafungua mahali popote, nikaweka kidole. "Neno hili. Litafute kwenye ya Dorothea."

Lilikuwa "osmosis". Kisa akafunua. Mara moja tu, akapata, akasoma: osmosisi, kupenya kwa maji kwenye utando kutoka upande huu kwenda ule, na sentensi ya mfano chini yake. Na alama kuwa ni neno la Biolojia. Nilitaka kuibusu ile kamusi.

"Sasa kwenye ya baba yako."

Hakuifungua. Alishika kamusi ya bluu kwa mikono miwili kifuani, akasimama hivyo.

"Haimo," akasema.

"Haimo vipi na hujatazama?"

"Haimo, shangazi."

Gwamaka aligonga meza kwa kiganja. Kalamu zikaruka. "Unaona? Unaona sasa? Ni kanisani vile vile! Kitabu ni kile kile, jalada lile lile, toleo lile lile, kwa Dorothea anaipata na kwangu haimo! Huyu ni mjinga au ana dharau? Niambie dada, ni kipi?"

Nilimnyang'anya Kisa kile kitabu. Darasa la saba nilimaliza, alfabeti naijua. Nikaenda kwenye N. Nikafunua kuelekea mbele, nikisubiri O. Ikaja M. Nikadhani nimefunua vibaya. Nikarudi, nikafunua ukurasa mmoja mmoja kwa kidole kilicholowa mate. Ukurasa wa 480, N. Ukurasa unaofuata, 449, M. Nikaendelea, M, N, maneno yale yale niliyoyapita sasa hivi, mpaka nikafika 480 kwa mara ya pili. Na baada ya hapo, 513. P.

"Dorothea," nikasema, "njoo uone hii kitu."

Dorothea akaja na ya dukani. Akaziweka sambamba. Kwenye ya dukani, 480, 481, zinakwenda hadi 512, ndipo 513. O yote imo humo. Akaivuta karibu ile ya Gwamaka, akaisugua karatasi kwa kidole, akatazama mgongo wake. "Hii ni ya kunakili," akasema taratibu. "Tazama picha ya jalada ilivyofifia pembeni. Ndani herufi zimekatika miguu. Imebandikwa gundi, haijashonwa. Kurasa huwa zinakunjwa mafungu mafungu kabla ya kuunganishwa. Hapa wameweka fungu hili mara mbili na lililofuata wakaliacha. Kwa unene huwezi kujua. Uliinunua wapi, baba?"

Nilikuwa najua Gwamaka alikoinunua: Kasumulu, kwa mchuuzi aliyetandaza vitabu chini karibu na magari yanayosubiri kuvuka mpaka, na siku ya pili hakuwepo. Alimkatalia yule mchuuzi asiichane nailoni, mwenyewe alitusimulia akijisifu. Zawadi ya kipaimara haifunguliwi kabla ya maombi.

Alisogea, akaivuta, akafunua kwa vidole vyake vya shambani. 480. 449. Akarudia. 480. 513. Midomo yake ilikuwa inatamka namba kimyakimya. Organ, oxygen, organism, ovary, osmosis: nusu ya Biolojia ya mtoto ilikuwa imebaki kwa waliotengeneza kitabu.

"Ulijua," akamwambia Kisa bila kuinua macho. Haikuwa swali.

"Ndiyo, baba."

"Tangu lini?"

Kisa alikuwa analia sasa. "Pale pale kanisani. Nilitafuta 'obey', nikaona M imerudi."

"Ukasema umesahau kutafuta."

"Ulikuwa umesimama mbele za watu, baba. Wamekupigia vigelegele. Ningesema kitabu chako kibovu, wangekucheka wewe." Akafuta pua kwa mkono. "Nilikuwa naazima ya rafiki yangu Nancy, maneno ya O. Kina Nancy wamehamia Mbeya."

Jamani. Na mtoto akaendelea kuitwa mjinga mezani, uani, mbele ya majirani, kila mwezi, na mdomo wake ukafungwa.

Gwamaka alifunga kitabu. Akakirudisha kwenye mfuko, akageuka, akatoka nje. Tukamwona kupitia mlango akivuka barabara kuelekea stendi, shingo juu vile vile. Nikasema basi, ndiyo hivyo, namjua ndugu yangu: ataibeba aibu yake mpaka nyumbani, na huko itamgeukia mtoto. Kisa alinishika kitenge. Dorothea akaanza kukunja ile nailoni aliyoichana, hathubutu kuniuliza kama ninanunua.

Kisha nikamwona amesimama katikati ya bodaboda. Wanampigia honi, hasikii. Akarudi.

"Lete hiyo kamusi," akamwambia Dorothea. "Na stuli."

Akakaa. Akaanza ukurasa wa kwanza. Moja, mbili, tatu, anafunua na kutamka namba kwa sauti, kitabu kizima, kila jani. Waliokuja kununua kalamu na bahasha walisimama nyuma yake wakangoja. Palipokuwa na jani limeng'ang'ania alilitenganisha kwa kucha. Alipofika 480 alipangusa kidole kwenye suruali, akafunua. "481," akasema, akarudia, akaendelea. Hakuna aliyemharakisha, hata mimi.

Alipomaliza aliiweka mikononi mwa Kisa, ikiwa wazi, bila nailoni. Akamlipa Dorothea, tukapanda gari la kurudi Makwale. Nilianza kuogopa upya. Ndiyo, la uani lilikuwa limekwisha, Kisa anarudi shule. Lakini la kanisani je?

Jumapili, baada ya matangazo, Gwamaka akasimama. Mchungaji akadhani ana tangazo la ushirika wa kakao, akampisha. Alikuwa na mfuko ule ule. Akatoa kamusi ya Kasumulu, akaiinua.

"Hii mliiombea," akasema. "Na siku ile mtoto wangu alishindwa kutafuta neno hapa, mkacheka. Mimi mwenyewe nilimwona mjinga. Neno halikuwemo. Nilinunua kitabu kibovu, sikukifungua, yeye akajua, akanificha ili mimi nisichekwe." Akaishusha kamusi. "Sasa nichekeni."

Hakucheka mtu. Hata watoto wachanga, sijui nani aliwaambia.

"Kisa, njoo."

Kisa alipita mbele na kamusi mpya. Alikuwa hajui aweke wapi macho.

"Tafuta lile neno la siku ile."

Akafunua mara moja tu. "'Obey'," akasoma, na sasa sauti yake ilifika mpaka benchi la mwisho, nilikokaa mimi. "Kutii."

Gwamaka hakutazama kitabu. Alikuwa anamtazama mtoto wake, na alimtazama hivyo mpaka Lucy, aliyekuwa kwenye kwaya, akaanza vigelegele peke yake, na sisi sote tukamfuata.